Dawa ya kupulizia mikasi ya bustani: nyota moja, na kitambaa chake hakistahili hata hiyo

Naanza na kitambaa, maana chupa yenyewe ningeweza kuisamehe. Ukinunua dawa hii ya kusafishia mikasi ya kupogolea na visu vya bustani, ndani ya boksi unakuta kitambaa cha kijani, laini, kimekunjwa kama leso ya harusi. Kikaratasi cha maelekezo kinasema: pulizia, pangusa, nenda mmea unaofuata. Pangusa kwa kitambaa kipi? Hicho hicho. Ukifika mmea wa kumi, kitambaa kimeshakunywa utomvu wa mimea tisa, nawe unakipitisha kwenye makali kabla ya kukata wa kumi. Huko si kusafisha. Huko ni kuchanja, ile ya wauguzi, ila hapa unachanja ugonjwa wenyewe.

Nazungumzia okidi, kwa sababu ndizo nilizozikata kwa mkasi huo baada ya masika, na ndizo zenye virusi viwili ambavyo chupa hii haiviwezi. Kimoja hufupishwa ORSV, ni ndugu wa kile kinachobabua majani ya tumbaku na nyanya. Cha pili ni CymMV. Herufi hizo ndizo utakazoziona kwenye vijiti vya kupimia ukiviagiza. Virusi hivi havisubiri mbu wala kidukari. Vinahama kwa utomvu: kwenye makali, kwenye vidole, kwenye chungu kilichotumika bila kuoshwa. Na mmea ukishaambukizwa ndiyo basi, hakuna dawa ya kuutibu.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoharibika ni huu. Chukua vyungu vyangu saba vya okidi aina ya katleya mezani. Cha kwanza kina majani yenye michirizi iliyofifia, ambayo ni rahisi kudhani ni jua au njaa ya mbolea. Unakata shina la ua lililokauka, unapulizia, unapangusa, unakwenda cha pili, mpaka cha saba. Wiki zinapita. Chungu cha pili na cha tatu vinaanza kuonyesha pete za manjano na mabaka meusi yaliyobonyea upande wa chini wa jani. Cha nne kinachanua ua lenye rangi iliyokatikakatika, kama kitenge kilichochuja. Cha tano, cha sita na cha saba vinabaki vizuri kabisa. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Okidi inaweza kukaa na kirusi muda mrefu bila alama yoyote, na utomvu wake ukawa na sumu ile ile. Hivyo vitatu vya mwisho usivihesabu kuwa wazima mpaka uvipime, na usivikate mwanzoni mwa kazi.

Nilimpigia muuzaji. Nikamwambia, kaka, hii dawa yako ni spiriti, na spiriti haimalizi virusi vya aina hii. Jibu lake: "Dada, imeandikwa inaua asilimia 99.9. Corona yenyewe ilikufa kwa spiriti, sembuse ugonjwa wa maua? Labda wewe ndiye hujui kupulizia." Akakata simu.

Basi nimjibu hapa. Kirusi cha corona kimevaa koti la mafuta. Spiriti inayeyusha mafuta, koti likitoka kirusi hakina maisha, ndiyo maana tulipakaa mikono mpaka ikapauka. Virusi hivi vya okidi havina koti hilo. Ni vijiti vya protini iliyojisokota kwa kubana sana kuzunguka kiini chake, na spiriti ikivipitia kwa sekunde chache inakauka yenyewe na kuviacha vilevile. Ndugu yake wa tumbaku anabaki hai kwenye jani lililokaushwa kwa miaka, na ndiyo sababu mvuta sigara anatakiwa kunawa kabla ya kugusa miche ya nyanya. Kitu kinachovumilia kukaushwa na kufungwa ndani ya sigara hakiogopi mvuke wa chupa yako, kaka.

Haya, niwe mkweli. Kwa bakteria na kuvu wengi dawa hii inafanya kazi, endapo makali yameoshwa kwanza na yakabaki na unyevu wa dawa kwa nusu dakika hivi. Mwenye waridi na mipapai anayeogopa kuoza kwa kawaida hataona ubaya wake. Kwa hiyo nilikuwa nataka kutoa nyota tatu. Kisha nikageuza chupa nikasoma tena mgongoni: "huua virusi vyote vya mimea." Vyote! Nyota zikarudi kuwa moja.

Kinachofaa kwa okidi kipo, na si ghali. Hatua ya kwanza ni sabuni ya maji na mswaki wa zamani, na hii haina njia ya mkato. Utomvu uliokauka unakuwa ngozi nyembamba ya kahawia kwenye makali, na dawa yoyote inapita juu yake tu. Sugua mpaka chuma king'ae. Kuna sehemu mbili ambazo mswaki hauzifikii vizuri: kijifereji cha utomvu kwenye ubavu wa kisu cha mkasi, na pale visu viwili vinapokutana kwenye skrubu. Mwisho wa siku legeza skrubu, toa springi, tenganisha. Ukishaona uchafu unaojificha hapo, hutaamini tena dawa ya kupulizia kwa nje.

Baada ya kusugua, jiki. Chupa nyingi za dukani zina nguvu ya asilimia 3.5, basi pima kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe vitano vya maji. Hapo unapata kama asilimia 0.6, inayotosha. Zamisha sehemu yote iliyogusa mmea, siyo ncha tu, hesabu dakika nzima, kisha suuza kwa maji safi. Kasoro yake ni mbili. Inakula chuma: mkasi ukiachwa na jiki usiku mmoja unaamka na kutu, kwa hiyo suuza, kausha, paka tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu. Na inachoka haraka: utomvu na udongo vinaimaliza nguvu, na jua pia. Maji yakianza kuwa na rangi ya chai, mwaga. Iliyochanganywa jana usiiamini leo.

Wapo wanaomimina jiki ndani ya chupa hii ya spiriti ili "kuongeza nguvu". Msifanye hivyo. Jiki na spiriti vikikutana vinazaa kemikali za sumu, na jiki ikichanganywa na siki inatoa gesi ya klorini inayobana kifua ndani ya dakika. Chupa haisemi neno hata moja kuhusu hilo. Imepata nafasi ya kuchora kipepeo, onyo imekosa pa kuliweka.

Njia ninayoipenda zaidi itawachekesha: maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Gramu 200 kwa lita moja ya maji, koroga mpaka yasiwe na mabonge, zamisha kisu, kitoe, kata kikiwa bado kimelowa. Usikisuuze wala usikipanguse. Maziwa hayaui kirusi. Protini yake inavifunika vile vijiti visipate kushika kwenye kidonda cha mmea, na kwa sababu hiyo kisu lazima kiwe na maziwa wakati wa kukata, siyo kabla. Mikono nayo unaichovya humo humo, na hili jiki haiwezi kukupa. Tatizo ni kwamba kwenye joto yanachacha mchana mmoja, yanavuta nzi, na yakikaukia kwenye skrubu mkasi unakwama. Yachanganye asubuhi, yamwage jioni.

Moto nao unafaa, lakini siyo ule wa kuchovya kisu kwenye spiriti na kukiwasha. Huo ni mwali wa sekunde mbili tatu, spiriti inaisha kabla chuma hakijapata joto la maana, na kopo la spiriti likiwa karibu unaweza kuunguza kibanda. Ukitumia moto, tumia mwali wa gesi na upitishe kila upande wa makali taratibu. Usifanye hivyo kwa mkasi wako mzuri: ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, ugumu wake umeondoka, na kuanzia hapo utakuwa unaunoa kila siku bila mafanikio. Moto ni wa visu vya bei ndogo.

Kwa kazi ya kugawa okidi, mimi sitaki hata mjadala: wembe mpya, mmea mmoja, wembe huo unaingia kwenye kopo la vilivyotumika. Pakiti ya nyembe ni rahisi kuliko chupa hii, na hakuna kilichobaki kwenye makali cha kubishania. Mkasi ubaki kwa mizizi minene na mashina magumu, na uwe na miwili: mmoja unakata, mwingine umelala kwenye jiki unamalizia dakika yake. Hapo ndipo unapoona dawa ya kupulizia ilivyotungwa na mtu mwenye haraka, maana inakuuzia kutosubiri.

Na utaratibu wa meza ni muhimu kuliko hata dawa. Anza na miche michanga na mimea iliyopimwa ikaonekana safi, nenda kwa ile usiyoijua, malizia na yenye michirizi. Tandika gazeti jipya kwa kila chungu. Hilo gazeti linafanya kazi ambayo kile kitambaa cha kijani kilidai kuifanya, na likichafuka unalikunja na uchafu wake ndani unalitupa.

Hukumu yangu? Nimeshasema nyota moja. Lakini nikiitazama tena ile chupa, pampu yake ni nzuri ajabu: haivuji, inatoa ukungu mwembamba sawasawa, na haijaziba hata siku moja. Nimemwaga kilichokuwemo, nimeiosha, sasa ina maji ya sabuni ya kulowesha utomvu kabla ya mswaki. Kwa pampu natoa nyota nne. Kitambaa nimekichoma pamoja na mimea ya vile vyungu vinne vya kwanza. Vitatu vya mwisho vimewekwa meza ya peke yake, na vijiti vya kupimia vimeshaagizwa.