Shafti nzima au shafti ya bomba?

Tuseme mota ya 15 kW inazungusha shafti mara 200 kwa dakika, na mkazo wa kukata unaoruhusiwa, τ, ni 40 MPa. Msokoto, T, ni 9550 × 15 ÷ 200, yaani kama 716 Nm. Kwa chuma kizima kisicho na tundu, chenye kipenyo d, d³ = 16T/(πτ) inatoa milimita 45. Ila ukichonga njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, nguvu hupungua karibu robo, kwa hiyo chukua 50.

Bomba la 50 lenye tundu la 30 ni jepesi kwa asilimia 36, na mkazo hupanda kutoka 29 hadi 34 MPa tu. Shida ni kii: njia yake yenye kina cha 5.5 huacha ukuta wa 4.5, na ufa huanzia hapo pembeni. Shafti fupi yenye puli inafaa iwe nzima. Ndefu yenye flanji, bomba.