Kitambaa cha pazia: kipi hurudi kidogo, na ununue urefu gani

Muuzaji akisema "hiki hakirudi", muulize nyuzi zake ni za nini. Kiwandani, nyuzi za urefu huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma. Zikilowa hulegea na kufupika, na ndiyo maana pazia hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana.

Kwa pazia litakalofuliwa nyumbani, chaguo langu la kwanza ni poliesta tupu, kwa kuwa hairudi kiasi cha kuonekana, ila pasi ya moto mkali huikunja. La pili ni mchanganyiko wa poliesta na pamba. La tatu ni pamba iliyokwisha kurudishwa kiwandani. Hata hiyo hupungua kidogo, kwa hiyo usiikate bila kuifua. Pamba ya kawaida na kitani naviweka nafasi ya nne: ni vizuri mno dirishani, lakini ni lazima uvipigie hesabu. Viskosi naiweka mwisho. Inaning'inia vizuri, ila ikilowa hurudi sana na huweza kupinda.

Ukipenda pamba ya kawaida, nunua kwanza kipande kidogo cha jora lile lile. Chora juu yake mraba wa sentimita 25 kwa 25, uweke alama upande wa urefu wa jora. Kifue na kukikausha vile vile utakavyofanya kwa pazia, maana maji ya moto na mashine ya kukaushia hurudisha zaidi. Kipige pasi, kisha upime. Tuseme urefu umekuwa 23.5: kimerudi asilimia 6.

Sasa tuseme pazia likamilike na sentimita 220. Ongeza 15 za pindo la chini na 10 za juu, upate 245. Wengi hapa huongeza asilimia 6 ya 245, wanapata karibu 259.7. Hiyo ikirudi hubaki 244, pungufu kwa sentimita moja, kwa sababu kitambaa hurudi kwa urefu ulionunua, siyo kwa ule unaoutaka. Kikirudi asilimia 6 hubaki asilimia 94, yaani 0.94 ya urefu ulionunua, kwa hiyo gawanya kwa hiyo badala ya kuongeza:

```
245 ÷ 0.94 = 260.6
```

Vipande viwili ni sentimita 521 na kidogo. Ncha za kitambaa hufumuka na kwenda upande zikifuliwa, kwa hiyo mimi huongeza 10 za kunyoosha, na dukani naomba mita 5.4. Kwa kitambaa kinachorudi asilimia 10, kosa la kuongeza badala ya kugawanya hufika sentimita 2.5 kwa kila kipande, na pindo halina pa kuzitoa.

Fua kitambaa chote kabla ya kukata. Kama sampuli iliendelea kupungua ulipoifua mara ya pili, basi na kitambaa nacho kifue mara mbili, na hesabu yako itumie kipimo cha mwisho.