Nyanya ya pakiti: mchuzi mchachu, mchuzi chapwa, na dawa yake

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mezani nina pakiti ya nyanya nzito ya gramu 70, ile inayouzwa katika kila duka la mtaani, na sitazungumzia rangi ya karatasi yake wala ahadi zilizoandikwa mbele. Igeuzeni nyuma msome viungo: pakiti nzuri ina nyanya, pengine na chumvi. Ikiwa na wanga, rojo litakuwa zito bila ladha ya nyanya kuongezeka.

Kinachonikera ni jinsi tunavyoitumia. Wengi humimina nyanya hii mwishoni, mchuzi ukiwa tayari unachemka, kisha wanalalamika kwamba ni mchachu na unanuka ubichi. Nyanya hii inataka mafuta na moto kabla ya kukutana na maji.

Tazameni sufuria hii. Kitunguu kimeshakuwa cha dhahabu katika vijiko vitatu vya mafuta, na sasa naweka nusu ya pakiti kwa moto wa wastani, nikikoroga bila kuacha. Mwanzoni ni nyekundu ya kung'aa na inarukaruka. Baada ya dakika mbili au tatu inashika chini kidogo, harufu kali inapungua, rangi inaelekea ile ya tofali, na mafuta yanaanza kujitenga pembeni. Hapo ndipo pa kuongeza nyanya mbichi sita zilizokatwakatwa pamoja na chumvi. Mkichelewa na ikawa nyeusi, itakuwa chungu, na uchungu huo hautoki.

Sasa tunapunguza moto na kuacha sufuria wazi kwa dakika 20 hivi. Nyanya ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo mchuzi ulioondolewa mapema huwa chapwa kwa sababu maji hayo bado yamo. Hata hivyo, moto hauondoi asidi. Unafukuza maji na ubichi, huku asidi na utamu vikibaki na kukolea pamoja, na ndiyo maana nyanya zisizoiva vizuri huacha uchachu hata zikipikwa sana.

Hapo ndipo sukari inapoingia: robo ya kijiko cha chai, koroga, subiri dakika moja, onja, kisha uongeze robo nyingine ikihitajika. Sukari haiui asidi, bali inaufanya ulimi usiuhisi mno uchachu. Mkianza kuhisi utamu wenyewe, mmepita kiasi. Mchuzi ukiwa chapwa bila kuwa mchachu, ongezeni chumvi kwanza, kwani sukari haitausaidia.

Kuhusu bei, kopo kubwa kwa kawaida huwa nafuu kwa kila gramu, lakini mimi napendelea pakiti kwa familia ndogo, kwa kuwa kopo lililofunguliwa huota ukungu upesi. Mkinunua kopo, hamishieni kinachobaki kwenye chupa safi ya kioo, mfunike uso wake kwa mafuta na kuiweka kwenye friji.