Kukopi vingi, kupesti mara nyingi: kipi kinafaa kwenye kaunta ya steshenari?

Msimu wa kuomba mkopo wa chuo ukifika, mhudumu wa steshenari jirani na UDOM anajaza taarifa zilezile kutwa nzima: jina, namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, simu, anwani. Kwa Ctrl + C ya kawaida, ukikopi kitu kipya cha zamani kinapotea, kwa hiyo unabaki kuruka kutoka dirisha hili kwenda lile. Ziko njia za kuweka vyote tayari, na karibu zote ni bure. Kabla ya kuchagua jiulize: kompyuta hiyo ni yako peke yako, au anakaa kila mwenye zamu?

1. Windows + V, kwa kompyuta ya kaunta

Hii imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1809, na Windows 11 pia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V. Mara ya kwanza itakuuliza kama uiwashe, bonyeza Turn on. Baada ya hapo inahifadhi vitu 25 vya mwisho, maandishi na picha pia, mradi kimoja kisizidi MB 4.

Tuseme mteja amekutumia taarifa zake WhatsApp na umezifungua kwenye kompyuta. Kopi kuanzia ya chini kwenda juu: anwani, simu, namba ya mtihani, NIDA, jina. Kilichokopiwa mwisho ndicho kinachokaa juu, kwa hiyo orodha itasomeka kama fomu inavyoanza. Sasa nenda kwenye fomu, bofya kisanduku, Windows + V, chagua, Enter. Anwani ya ofisi yako au maneno ya barua unayorudia kila siku yabane kwa alama ya pini.

Ukizima kompyuta au umeme ukikatika, vyote vinafutika isipokuwa vyenye pini. Wengi wanalalamikia hilo. Kwa kaunta, mimi naliona ni faida: namba ya NIDA ya mtu haina sababu ya kulala kwenye mashine yako. Wala usisubiri umeme ukatike. Mteja akiondoka, fungua orodha ubonyeze Clear all. Vyenye pini vitabaki.

2. Ditto, kwa kompyuta yako mwenyewe

Kama uko ofisini Mtumba na mashine ni yako, hii ndiyo namba moja, bila ubishi. Ni programu ya bure ya Windows unayoisakinisha mwenyewe, inafunguka kwa Ctrl + ` (kitufe kilicho juu ya Tab), na inahifadhi kwenye diski, kwa hiyo ukiwasha kesho unavikuta vya jana. Kawaida inaweka vitu 500, unaweza kubadilisha. Andika herufi chache tu za unachotafuta, inakichuja. Ukipesti kwa Shift + Enter, maandishi yanaingia bila rangi wala fonti ya kule yalikotoka, jambo linalookoa muda mwingi kwenye Word.

Hatari yake inatokana na uzuri wake huohuo. Nywila uliyoikopi kutoka kwenye meseji inakaa humo, na anayefuata kukalia kiti anaisoma. Ukitaka kushika kitu cha siri, bofya kulia alama ya Ditto karibu na saa na uchague Disconnect from Clipboard, ukimaliza uirudishe. Kwa steshenari yenye zamu, siipendekezi.

3. CopyQ, kwa wenye Linux

Nayo ni bure, inafanya kazi pia kwenye Windows. Ina tabo za kutenganisha kazi, ila mipangilio yake ni mingi kuliko mahitaji ya watu wengi.

4. Gboard, kwa simu

Gusa alama ya ubao wa kunakili juu ya kibodi. Usichokibana kinafutika baada ya saa moja. Inatosha kwa simu, haitoshi kwa kazi ya fomu.

Programu za kulipia acha kwanza. Kazi ya kaunta haina kitu ambacho hizi za juu hazikifanyi.

Kuna kosa moja ambalo hakuna hata mojawapo kati ya hizi italikamata. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu. Ukiiandika bila vistari kwenye kisanduku cha kawaida, inageuka kitu kama 1.99E+19, na ukiipanua unakuta tano za mwisho ni sifuri. Ukikopi hapo unabeba namba mbovu, na kubadilisha fomati baadaye hakuzirudishi tarakimu. Weka kisanduku kiwe Text kabla ya kuandika, na kabla ya kupesti tupia jicho mwisho wa namba: sifuri tano mfululizo, rudi ukaangalie kitambulisho chenyewe.