Sabuni ya Mche au Shampuu ya Watoto: Ipi Inasafisha Sponji Hadi Kiini?

Ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Kirumba, Mwanza. Mezani ninazo sponji mbili za aina moja, zilizotumika Jumamosi kwa faundesheni ileile, moja kwa bibi harusi na nyingine kwa mpambe wake. Ya kwanza nimeiosha kwa sabuni ya mche ya kufulia, nayo ya pili kwa mafuta ya watoto na shampuu yao.

Kwa nje zote zimerudia rangi yake ya waridi. Sasa naikata hii ya sabuni ya mche: tazameni kiini kilivyobaki na rangi ya kahawia, kwa sababu faundesheni ya kudumu ina mafuta na nta ambavyo povu la juu juu halikuvifikia. Uchafu huo ukikaa na unyevu ndio unaolea vijidudu na ukungu, na ukiona madoa meusi hata kwenye sponji mpya, itupe, usihangaike kuiosha.

Hii ya pili niliilowesha, nikaikamua, nikatia kijiko kimoja cha chai cha mafuta na kuibonyeza taratibu hadi yakapenya, kisha nikaweka shampuu na kurudia kubonyeza na kusuuza mara nne, mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe kabisa. Ndani ni safi, kwa hiyo njia hii ndiyo ninayoipendekeza, isipokuwa kwa sponji za mpira asilia, ambazo mafuta huzidhoofisha. Ikaushe penye upepo, kamwe si ndani ya pochi iliyofungwa. Mimi huianika dirishani, na msimu wa mvua huwa naipa siku nzima na zaidi.

Brashi zinatosheka na shampuu peke yake. Ziinamishe nywele zikiwa chini, maji yasiingie kwenye chuma kinachozishika, kwani gundi ikilegea nywele zitaanza kung'oka na kubaki usoni mwa mteja. Zilaze kando ya meza, nywele zikining'inia nje.

Usoni kanuni ni ileile. Ukianza na maji, maskara isiyotoka kwa maji itasambaa tu, nawe utasugua hadi ngozi iwe nyekundu. Anza na mafuta juu ya uso mkavu, ukisugua kwa vidole kwa dakika moja. Kwenye kope shikilia pamba yenye mafuta kwa sekunde 30 kabla ya kufuta kuelekea chini. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ndipo unawe kwa sabuni laini ya uso, kwa sababu mafuta yakiachwa huweza kuwaletea chunusi wenye ngozi ya mafuta.

Kisha pitisha taulo jeupe pembeni mwa pua na kwenye mstari wa nywele, mahali ambapo wengi wetu husahau. Hili langu, kama mnavyoona, lina alama ya kahawia karibu na sikio, kwa hiyo narudia hapo.