Uzoefu wangu na kadi ya kunasa video: picha ya kuchezea na picha ya kurusha

Kwa miezi minane nimetumia kadi ya kunasa video ya nje pamoja na PlayStation 5, nikirekodi na kurusha michezo mubashara kwa programu ya OBS. Kadi ina matundu mawili ya HDMI, moja la kupokea picha kutoka kwenye konsoli na jingine la kuipeleka kwenye monita, na nakala ya picha hiyo huenda kwenye kompyuta kupitia USB. Njia hizo mbili hazina kasi moja, na karibu kila kosa nililolifanya mwanzoni lilitokana na kutolielewa jambo hilo.

Jioni ya kwanza monita ilionyesha mchezo vizuri, huku OBS ikiwa nyeusi tupu. Nilikuwa karibu kuirudisha kadi dukani, kumbe konsoli ndiyo iliyokuwa imefunga picha kwa ulinzi wa HDCP. Niliingia Settings, System, kisha HDMI, nikazima Enable HDCP, na picha ikaja. Ulinzi huo ukiwa umezimwa, programu za kutazama filamu kwenye konsoli hukataa kufanya kazi, hivyo huuwasha tena ninapozihitaji.

Kosa la pili lilikuwa kucheza huku nikitazama dirisha la OBS. Nilihisi kidhibiti kizito, risasi zangu zikifika baada ya adui kuhama. Ili nijue ukubwa wa tatizo, niliiweka kompyuta mpakato kando ya monita nikazirekodi skrini zote mbili kwa simu, kwa fremu 240 kwa sekunde. Mhusika aliporuka, nilihesabu fremu 26 kati ya kuruka kwake kwenye monita na kuruka kwake kwenye OBS. Kila fremu ya simu ni takriban milisekunde 4.2, kwa hiyo OBS ilikuwa nyuma kwa milisekunde 108 hivi, yaani zaidi ya fremu sita za mchezo unaokwenda kwa fremu 60. Kisha nikarekodi kidole changu kikibonyeza kitufe pamoja na monita, kwanza kupitia kadi, halafu kebo ikitoka kwenye konsoli moja kwa moja. Sikuona tofauti yoyote, ingawa kipimo hiki hakiwezi kuonyesha kitu kidogo kuliko fremu moja ya simu. Kwa upande wa monita, kadi hupitisha picha inavyokuja, ilhali ile ya USB husubiri ikusanywe, isafirishwe na kuchorwa upya.

Ucheleweshaji huo wa USB uliongezeka siku niliyochomeka kadi kwenye tundu la USB 2.0 kwa haraka zangu. Picha ya 1080p yenye fremu 60, isiyobanwa, huhitaji takriban gigabiti 1.5 kwa sekunde, nalo tundu hilo lina megabiti 480 tu. Kadi ikalazimika kuibana picha, na nilitambua kwa kuona kingo za maandishi ya mchezo zikiwa na chengachenga. Nilipoirudisha kwenye tundu la USB 3.0 zikatoweka.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni sauti. Maikrofoni huingia OBS mara moja, lakini mchezo hufika ukiwa umechelewa, kwa hiyo watazamaji walinisikia nikipiga kelele kabla ya bao kuingia. Niliweka maikrofoni mbele ya spika ya monita, nikarekodi mlio mmoja wa menyu kwa njia zote mbili, kila njia katika mkondo wake wa sauti, kisha nikapima pengo katika programu ya kuhariri. Lilikuwa milisekunde 95, nami nikaiandika namba hiyo kwenye Sync Offset ya maikrofoni. Mimi mwenyewe husikiliza kwa hedifoni zilizochomekwa kwenye monita, kamwe si kwenye kompyuta, kwani huko mlio wa hatua za adui hunifikia ukiwa umechelewa.

Lawama yangu kubwa ni kuhusu 120 Hz. Boksi la kadi liliandikwa 4K kwa herufi kubwa, lakini upande wa monita haipitishi zaidi ya fremu 60. Konsoli huamini kile ambacho kadi inaiambia, si uwezo wa monita iliyo nyuma yake, na hushuka yenyewe hadi 60 Hz bila onyo. Niligundua nilipofungua Video Output Information, wiki kadhaa baada ya kununua. Anayenunua na atafute kiwango cha kupitisha na kiwango cha kunasa, maana huandikwa kando kando. Mchezo wangu mmoja wa mapigano ya bunduki unakwenda kwa 120 Hz. Huo naucheza kebo ikiwa moja kwa moja kwenye monita, na siurekodi.