Maumivu chini ya mbavu, wiki ya 35: mawe ya nyongo au dalili za kifafa cha mimba?

Maumivu ya mawe ya nyongo mara nyingi huja baada ya kula, hasa vyakula vya mafuta, hupanda hadi bega la kulia, kisha hutulia baada ya saa chache. Presha kwa kawaida haibadiliki.

Kifafa cha mimba kinaponyemelea, maumivu hayafuati mlo. Ini linavimba na kuvuta utando wake. Kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli, uso na vidole vinajaa hadi pete haitoki. Mama mwenye dalili hizi aende hospitali saa hiyohiyo, apimwe presha, mkojo, ini na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Presha ya 140/90 inatosha kututia wasiwasi, hata mkojo usipokuwa na protini. Ultrasaundi ikionyesha mawe, tusiishie hapo: wengi wanayo bila kuumwa.